Mkasi wa meno na nywele nzito: mahali kazi inapoharibika

WANAWAKE wenye nywele nyingi na nzito huingia saluni wakiwa na ombi moja: zipunguzwe uzito bila kufupishwa. Jibu la fundi, mara nyingi, ni mkasi wa meno. Mkasi huo hufanya kazi kwa haraka, hauonyeshi mstari wa kukata kama ule wa kawaida, na mteja huondoka akihisi kichwa kimekuwa chepesi. Tatizo huja baadaye. Baada ya kuosha mara mbili au tatu, nywele zilizokuwa zimelala huanza kufumka juu, huku ncha zikining'inia mithili ya nyuzi chache. Mteja hurudi akilalamika kwamba bado ni nzito, fundi anapunguza tena, na uharibifu unaongezeka.

Mkasi huu una upande mmoja wenye makali ya kawaida na upande wa pili wenye meno yaliyoachana. Unapofungwa, nywele zilizokaa juu ya jino hukatwa na zile zilizoingia katika nafasi baina ya meno husalimika. Iko pia mikasi yenye meno pande zote mbili, nayo huondoa nywele chache zaidi kwa kila mfungo. Meno yakiwa machache na mapana, tuseme kati ya saba na kumi na tano, mkasi huacha mapengo yanayoonekana wazi, na umekusudiwa kwa mitindo mifupi inayotaka kuonekana hivyo. Meno yakifika thelathini au arobaini kazi huwa laini zaidi.

Hata hivyo idadi ya meno haitoshi kumwambia fundi ni nywele kiasi gani zitaondoka. Upana wa kila jino una nafasi yake, na vilevile kama ncha ya jino imechongwa kijichanga kidogo. Jino lenye kijichanga hushika unywele usiteleze, kwa hiyo hukata zaidi kuliko jino laini. Mikasi miwili inayofanana mezani inaweza kutofautiana sana kichwani. Njia ya kujua ni kuujaribu mkasi mpya juu ya kipande cha nywele za kushona kisichotumika: kifungwe mara moja tu, nywele zilizoanguka zikusanywe, zilinganishwe na zilizobaki. Ni kazi ya dakika mbili, na mafundi wengi hawaifanyi.

<b>Wingi si unene</b>

Neno "nzito" hutumika saluni kwa mambo mawili yasiyofanana. Kuna nywele nyingi, yaani zilizosongamana kichwani, na kuna nywele nene, yaani ambazo kila unywele mmoja ni mpana na mgumu. Mtu anaweza kuwa na nywele nyingi zilizo nyembamba, au chache zilizo nene. Wapo pia walio na vyote viwili, na hao ndio wanaoumizwa zaidi na mkasi wa meno.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Unywele mrefu hulazwa chini na uzito wake wenyewe. Ukikatwa karibu na ngozi, uzito huo unaondoka lakini ugumu unabaki, kwa hiyo kisiki kinachosalia husimama. Unywele mwembamba ni laini kiasi cha kulala hata ukiwa mfupi. Unywele mnene hausikii hilo. Kisiki cha sentimita mbili kwenye nywele nene husimama kama bua, na visiki mamia vikisimama chini ya nywele ndefu huzisukuma nje. Kichwa kilichopunguzwa nywele huonekana kikubwa kuliko kilivyokuwa kabla ya kupunguzwa.

Ndiyo maana mafunzo ya ususi huweka umbali wa kuanzia kutoka kwenye ngozi. Kwa nywele nyembamba, mkasi unaweza kuanza karibu, sentimita moja na nusu hadi mbili na nusu. Kwa nywele za kati, sentimita tatu au nne. Kwa nywele nene, sentimita nne au tano ndicho kiwango cha chini, na nywele zikiwa ndefu ni busara kwenda mbali zaidi ya hapo. Wengi hufanya kinyume: wanapoona nywele ngumu, huusogeza mkasi karibu na ngozi wakidhani huko ndiko uzito uliko.

Zipo sehemu ambazo hazipaswi kuguswa kabisa. Ukingo wa uso ni mojawapo, kwa kuwa visiki vya hapo huonekana na kila anayemtazama mtu. Nyingine ni juu ya masikio, ukingo wa shingo, na mstari wa kugawia nywele. Aidha, tabaka la juu kabisa la nywele, upana wa vidole viwili kila upande wa mstari huo, huachwa zima ili lifunike kazi iliyofanyika chini yake. Sehemu yenye uzito hasa iko nyuma ya masikio na chini ya mfupa wa kisogo, na kwa kawaida kazi ingeweza kuishia hapo hapo.

<b>Hesabu ya mfungo mmoja baada ya mwingine</b>

Makosa mengi hutokana na hesabu ambayo fundi haifanyi. Chukua mfano wa mteja mwenye nywele nene zilizonyooka, urefu sentimita 45, na mkasi unaoondoa nywele 30 katika kila 100 kwa mfungo mmoja. Fundi anashika fungu la nywele, anafunga mkasi sentimita 10 kutoka kwenye ngozi, anashuka hadi sentimita 20 na kufunga tena, kisha sentimita 30 na kufunga mara ya tatu. Anaamini amepunguza kidogo kidogo, kila mahali mara moja.

Ukweli ni kwamba mahali hapakupunguzwa mara moja, isipokuwa pale pa juu. Unywele uliokatwa sentimita 10 haupo tena kwenye sentimita 20. Kwa hiyo mfungo wa pili unaondoa 30 katika kila 100 ya zile 70 zilizobaki, na zinasalia 49. Mfungo wa tatu unaacha 34. Kutoka kwenye ngozi hadi sentimita 10 zote 100 zipo, na kwenye ncha imebaki theluthi moja tu. Ncha hupokea kila mfungo uliofanyika juu yake, ingawa mkasi haukuzigusa.

Mteja huyo anarudi baada ya wiki sita. Nywele zimekua karibu sentimita mbili, sasa ni 47, na visiki vya mwanzo vimefika 12. Nazo ni nene, basi zimesimama na kufumua sehemu ya juu ya kichwa. Mteja anasema bado nzito. Fundi naye akigusa anaona kweli zimejaa juu, anafunga mkasi kwenye sentimita 15 na 25. Katika kila nywele 100 zilizokuwapo mwanzo, zinazofika kwenye ncha sasa ni 17.

Kilichowapotosha wote wawili ni kuchukulia mfumko kuwa uzito. Ziara ya kwanza iliondoa uzito wa kutosha na zaidi. Kilichoonekana wiki ya sita kilikuwa kazi ya visiki, na visiki haviondolewi kwa kuongeza visiki vingine. Fundi anayejua kazi angechukua kioo, angeinua tabaka la juu, na angeona nywele fupi za urefu unaolingana zimesimama kama mstari wa nyasi. Hapo mkasi wa meno ungerudishwa kwenye droo.

<b>Jinsi ya kutambua</b>

Dalili ya kwanza ni ncha kupitisha mwanga. Mteja akisimama mgongo kwenye dirisha, nguo yake inaonekana kupitia nywele za chini, ilhali za juu zimefungamana. Dalili ya pili huonekana wakati wa kusuka: msuko unaanza mnene kama kidole gumba na kuishia kama mkia wa panya, na vijincha vinachomoza pande zote. Ya tatu ni mstari wa mlalo, kama ngazi, unaozunguka kichwa. Huo hutokea fundi anapofunga mkasi akiushika sambamba na sakafu, fungu baada ya fungu, katika kimo kimoja.

Wapo wanaoogopa kwamba nywele zinawatoka, na wengine huanza kununua dawa za kupaka. Tofauti inaweza kuonekana kwa macho. Unywele uliotoka wenyewe huwa na kijifundo cheupe upande wa shina. Unywele uliokatika kwa ukavu au dawa huwa na ncha iliyochanika, na vipande vyake vina urefu wa kila namna. Kisiki cha mkasi kina ncha butu, na visiki vya jirani vina urefu wa karibu sawa. Nywele changa zinazoota kwa mara ya kwanza nazo ni fupi, lakini ncha zake huchongoka kama sindano, kwa sababu hazijawahi kukatwa. Anayekuta ncha zilizochongoka hana sababu ya kumlaumu fundi.

Uwiano wa kupungua unaweza pia kupimwa kwa utepe wa fundi cherehani. Nywele zikusanywe kisogoni na kufungwa, kisha mzunguko wa fungu upimwe sentimita 15 chini ya kifungo, kabla ya kazi na baada yake. Ni muhimu kukumbuka kwamba mzunguko hupungua polepole kuliko nywele zenyewe. Mzunguko ukishuka kutoka sentimita 11 hadi 9, mtu hudhani amepoteza kidogo, ilhali kiasi cha nywele kimeshuka kwa theluthi moja. Mtu mwenye nywele nzito hahitaji zaidi ya hapo, na wengi wangetosheka na nusu yake.

Mkasi butu ni suala jingine. Meno yakipoteza makali, unywele hautengwi kwa mkato safi, hukunjwa na kutafunwa baina ya jino na bapa, na baada ya siku chache ncha hizo hupasuka. Mteja anayehisi kuvutwa wakati wa kukata ana haki ya kuuliza mkasi ulinolewa lini. Kuvutwa huko kunaweza pia kutokana na fundi kuutoa mkasi kabla haujafunguka kabisa, kosa la mkono ambalo kinoleo hakiwezi kuliponya.

<b>Namna kazi inavyofanyika ikifanyika vizuri</b>

Umbo hukatwa kwanza kwa mkasi wa kawaida. Hilo ndilo jambo ambalo saluni zenye haraka huliruka. Nywele nzito zilizokatwa sawasawa usawa wa mabega hupanuka chini na kufanya kichwa kiwe kama pembetatu, na hakuna kiasi cha kupunguza kitakachoondoa pembetatu hiyo, kwa sababu imetokana na umbo. Tabaka ndefu, zinazoanza chini ya kidevu, huondoa uzito mwingi zikiwa zimeacha kila unywele na jirani wa urefu unaokaribiana nao.

Kisha nywele huoshwa, hukaushwa kabisa, na kuachwa zikae zinavyokaa kila siku. Nywele zilizolowa hushikamana na kudanganya jicho. Fundi huona fungu dogo kuliko lilivyo, au hukata bila kujua zitaruka kiasi gani zikikauka. Wembe ndio unaotaka maji, na kwa nywele nene na kavu ni afadhali wembe usitumike kabisa, kwani huchana gamba la unywele kwa urefu.

Mafungu hugawanywa wima, upana wa sentimita mbili au tatu, kuanzia chini ya mfupa wa kisogo. Fungu huchanwa, hushikwa mbali na kichwa bila kukazwa, na mkasi huwekwa kwa mshazari, kamwe usiwe sambamba na sakafu. Kwa nywele za sentimita 45 kama za mteja wa mfano, mfungo wa kwanza uwe katikati ya urefu au chini kidogo. Mkasi hufungwa mara moja, hufunguliwa kikamilifu, hutolewa. Fungu huchanwa tena ili zilizokatwa zianguke, maana zikibaki ndani humfanya fundi adhani hajakata kitu. Kisha anatazama. Fungu linalofuata hukatwa kimo tofauti kidogo, ili visiki visijipange.

Mfungo wa pili kwenye fungu lile lile ni wa hiari, na mara nyingi si wa lazima. Mfungo wa tatu, kwa mkasi wa 30 katika 100, umeonekana matokeo yake. Baadhi ya mafundi hodari hawautumii mkasi wa meno kwa nywele nene kabisa. Huingiza ncha ya mkasi wa kawaida ndani ya ncha za nywele, wima, na kukata vijipande vya sentimita moja au mbili. Kazi hiyo huchukua muda mrefu mara mbili, lakini visiki vyake viko chini kabisa, ambako haviwezi kusukuma kitu.

Nywele za mawimbi na za kujiviringisha zinataka hadhari zaidi. Pete za nywele hujikunja pamoja kwa kundi, na kila unywele hufuata jirani yake. Mkasi wa meno unapokata mmoja mmoja bila mpangilio, nywele fupi hukosa kundi la kujiunga nalo na hubaki nje, zikitengeneza ukungu wa vijinywele kichwani ambao hata mafuta hayaulazi. Kwa nywele za kipilipili zisizowekwa dawa, mkasi huu hauna kazi yoyote ya maana, kwa kuwa ujazo wake hutokana na mkunjo wenyewe. Zilizowekwa dawa zikanyooka huonekana kuwa tayari kwa kupunguzwa, lakini dawa imekwisha kudhoofisha unywele na ncha huwa zimepungua zenyewe kwa kukatika. Kinachohitajika hapo ni kukata ncha sawasawa, na si kuzipunguza tena.

<b>Baada ya uharibifu</b>

Hakuna mafuta wala dawa inayorudisha nywele zilizokatwa. Nywele zilizonyooka hukua takriban sentimita moja na robo kwa mwezi, na za kipilipili polepole kidogo, basi tiba ni miezi. Uamuzi uliopo ni mmoja: kukata urefu kiasi gani ili ncha zirudi kuwa na mwili.

Kwa mteja wa mfano, jibu si la kupendeza. Ramani ya kichwa chake ni hii: chini ya sentimita 32 zimebaki nywele 17 kwa 100, kati ya 25 na 32 zipo 24, kati ya 22 na 25 zipo 34, juu ya 22 zipo 49. Akitaka ncha zenye nusu ya nywele zake za asili, lazima ashuke hadi sentimita 22, yaani apoteze zaidi ya nusu ya urefu. Akikubali, na akaendelea kukatwa kidogo kidogo ili abaki hapo, visiki virefu kidogo vya sentimita 12 vitafika kwenye ukingo baada ya miezi minane. Akikataa na kusubiri visiki hivyo vifike sentimita 47, atasubiri miaka miwili na miezi minne.

Wengi huchagua njia ya katikati: hukata sentimita chache sasa, hurudi kila wiki nane au kumi kuondoa sentimita moja au mbili za ncha, na huzuia mkasi wa meno usiguse kichwa kwa mwaka mzima. Katika kipindi hicho mfumko wa juu hupungua wenyewe, kwa sababu visiki vikirefuka hupata uzito wa kulala. Kipindi kigumu ni miezi minne au mitano ya mwanzo, na ndipo mteja anaposhawishika kurudi akaombe zipunguzwe tena. Kuzifunga nyuma au kusuka msuko uliolegea huku krimu kidogo ikipakwa sehemu ya katikati husaidia. Kuzipiga pasi kila siku huzilaza kwa saa chache na kuzikausha kwa muda mrefu.

Wigi na nywele za kushona zina sheria kali zaidi, na saluni za mijini sasa huzikata kila siku. Wigi jipya la nywele za binadamu mara nyingi huja likiwa limejazwa kupita kichwa cha kawaida, na kupunguzwa kunalifaa. Lakini nywele zake zimefungwa kwenye wavu au kushonwa kwenye utepe, na hazina shina linalokua. Kila mfungo ni wa kudumu. Kisiki kilichokatwa karibu na utepe kitasimama hapo hadi wigi litakapotupwa, na kikiwa kwenye mstari wa kugawia kitafichua kwamba ni wigi. Mafundi wenye uzoefu hulivisha kwanza kichwa cha mteja mwenyewe, hupunguza ndani tu, juu ya masikio na kisogoni, mfungo mmoja katikati ya urefu, na huacha tabaka la juu kama lilivyotoka kiwandani. Kwa wigi la nyuzi za plastiki hutumia mkasi wa zamani uliotengwa kwa kazi hiyo, kwa maana nyuzi hizo huharibu makali haraka, na mkasi huo huo ukirudishwa kwenye nywele za mteja mwingine siku hiyo hiyo, utaanza kutafuna.